Milioni mbili za mzee: fiksi au bondi?

«Baba amestaafu, pensheni inamtosha. Ana milioni mbili zimekaa tu benki hapa Nairobi. Aziweke fiksi, yaani amana ya muda maalumu, ama bondi za serikali?»

Umri wake na afya ndiyo maswali ya kwanza, riba baadaye. Ningeacha laki tano kwenye fiksi ya miezi sita au mwaka, za hospitali. Kiasi hicho ndicho bima ya amana inacholipa benki ikifunga.

Milioni moja na nusu ziende bondi. Tuseme ni ya miaka kumi, riba 13%: kila miezi sita 97,500, ikikatwa kodi ya 10% anabaki na 87,750. Riba ya fiksi hukatwa 15%, na ikiiva benki inaweza kumpa kiwango cha chini. Ya bondi haibadiliki.

Mama Njeri, aliyechangia swali hili, anasema bondi haina hasara. Ni kweli mzee akingoja hadi mwisho. Akiuza katikati baada ya riba sokoni kupanda, atauza chini ya alicholipa, na Benki Kuu ikiinunua yenyewe hukata zaidi. Kwa hiyo asichukue ya miaka ishirini kwa tamaa.

Kaka uliyesema aziweke kwenye sacco, chama chenu cha akiba, gawio lenu ni zuri, lakini hisa za sacco hazitoki siku unayotaka.

Akaunti ya DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia bondi, iwe kwa jina la mzee mwenyewe, si lako. Ndugu zako wanakubaliana na hilo?