Anayeuliza "ni kiasi gani" anataka jibu, na kichwa cha ukurasa kinaweza kumjibu bila kutaja bei

Ukikabidhiwa tovuti ya watu wanaouza huduma, karibu kila mara utakuta ukurasa mmoja unaoonekana na wengi kwenye matokeo ya Google na kubofywa na wachache: ukurasa wa gharama. Wanaoanza kazi hii hukimbilia kuandika upya maandishi ya ndani. Anza na kichwa, maana hicho ndicho mtu anachokisoma kabla hajaamua kubofya, na kwenye kurasa za gharama ndipo makosa mengi yanapojificha.

Nitachukua mfano mmoja, huduma ya kuchimba kisima kwa mtambo. Ni mfano mzuri kwa sababu hakuna fundi mkweli anayeweza kukutajia jumla kabla ya kazi. Bei hupangwa kwa mita, na kina cha maji hakijulikani kwa uhakika mpaka shimo lichimbwe. Juu ya hapo unaongeza mabomba ya kuzuia kuta zisiporomoke, pampu, upimaji wa eneo, na kusafirisha mtambo. Kwa hiyo anayeandika "kuchimba kisima ni bei gani" anauliza swali lisilo na jibu la namba moja, ingawa yeye hajui hivyo bado.

Kishawishi cha kwanza ni kumpa namba hapohapo kwenye kichwa: "Kuchimba Kisima kuanzia kiasi fulani kwa Mita". Namba inavutia jicho, nakubali. Shida ni kwamba kichwa hakikai kwako peke yako. Google huhifadhi nakala yake na huionyesha mpaka roboti yake irudi kwenye ukurasa, na kwa tovuti ndogo hilo linaweza kuchukua siku kadhaa au wiki. Mitandao ya kijamii huhifadhi nakala yake ya kiungo kilichoshirikiwa. Wengine wanaoweka kiungo chako kwenye kurasa zao hunakili kichwa chako kama kilivyo, na hawarudi kukirekebisha. Ukipandisha bei leo, namba ya zamani inaendelea kutembea bila wewe, na mteja anapiga simu akiwa ameishika mkononi kama hati ya madai. Neno "kuanzia" halikuokoi, kwa sababu mteja hukumbuka namba na kulisahau neno lililoitangulia.

Mwaka nao ni bei kwa njia nyingine. "Gharama za Kuchimba Kisima 2024" unaonekana mpya kwa miezi michache, kisha unaanza kumwambia msomaji kwamba ukurasa umelala. Tangu Agosti 2021 Google imekuwa ikitumia mfumo mpya wa kuchagua kichwa kitakachoonyeshwa, na moja ya sababu zilizotajwa wazi katika maelekezo yake ni kichwa kilichobaki na mwaka wa zamani wakati ukurasa wenyewe umeshasasishwa. Hapo inaweza kukiweka kando na kuchukua maneno mengine kutoka kwenye ukurasa wako, hasa kichwa kikubwa cha ndani. Weka mwaka tu kama kuna mtu, mwenye jina na tarehe ya kazi hiyo, atakayeupitia ukurasa mzima kila mwaka. Bila mtu huyo, uache.

Sasa, namba ikitoka, nini kinaingia? Hapa wengi hubaki na kitu kama "Kuchimba Kisima kwa Bei Nafuu, Huduma Bora na za Haraka". Hicho kina neno bei lakini hakijibu chochote. Mtu aliyeuliza kiasi anataka kuona dalili kwamba ukurasa utamfikisha kwenye kiasi. Dalili hiyo ni mambo mawili: neno la gharama alilolitumia yeye mwenyewe, na kipimo ambacho huduma hiyo hutozwa. Kipimo hakichakai. Bei ya mita itabadilika, lakini kisima kitaendelea kutozwa kwa mita, kama tafsiri inavyotozwa kwa neno au ukurasa, na usafi wa jengo kwa eneo au saa.

Maneno ya watu usiyabuni kichwani mwako. Fungua Search Console, zana ya Google inayokuonyesha watu walitafuta nini mpaka wakaona tovuti yako, nenda kwenye ripoti ya utendaji kwenye matokeo ya utafutaji, chuja maswali kwa "Custom (regex)", kisha weka:

```
bei|gharama|kiasi|ngapi
```

Utaona wanavyosema kwa kweli. Wengine wanaandika "bei ya kuchimba kisima", wengine "gharama za kuchimba kisima", wengine sentensi nzima ya "inagharimu kiasi gani". Mara nyingi bei na gharama zinagawana wasomaji, na huhitaji kuchagua moja na kuitupa nyingine. Gharama hukaa vizuri mbele kama jumla ya kazi, na bei huifuata ikiwa na kipimo. Kumbuka tu kwamba ripoti hiyo haionyeshi maswali yote, kwani yanayoulizwa na watu wachache sana hufichwa kwa sababu za faragha. Kwa hiyo isome kwa mwelekeo, usihesabu kila swali.

Baada ya hapo kichwa chetu kikawa hivi:

```html
<title>Gharama za Kuchimba Kisima: Bei kwa Mita, Bomba na Pampu</title>
```

Kitazame kwa karibu. Huduma na neno gharama viko mwanzoni kabisa, kwa hiyo hata kikikatwa kwenye simu, kilichobaki bado kinajibu. Nusu ya pili inamwambia msomaji jambo ambalo huenda hakulijua: kwamba atatozwa kwa mita, na kwamba bomba na pampu vinahesabiwa kando. Hilo pekee linautenganisha ukurasa wako na kurasa nyingine zinazopiga kelele za "bei nafuu". Herufi zake ni 56 pamoja na nafasi. Google haina kikomo cha urefu wa kichwa, ila huonyesha kinachoenea kwenye upana wa kioo, na kwa kawaida kitu cha herufi 50 hadi 60 kinaenea. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu. "Jinsi inavyokokotolewa" peke yake inakula zaidi ya theluthi ya nafasi hiyo bila kuongeza habari, na "Fahamu yote kuhusu" mwanzoni ni mbaya zaidi, kwa sababu inasukuma huduma yenyewe nyuma.

Muundo wa swali pia unafaa: "Kuchimba Kisima ni Kiasi Gani? Bei kwa Mita na Ziada". Mimi huutumia pale ripoti inapoonyesha kwamba wengi wanaandika swali kamili. Nje ya hapo naona unakula nafasi ambayo kipimo kingeitumia.

Kichwa cha aina hii ni ahadi, na ukurasa usipoitimiza, mtu anarudi kwenye matokeo ndani ya sekunde chache na kubofya wa jirani. Ukurasa wa gharama unaoishia na "wasiliana nasi upate bei" haumfai aliyeuliza kiasi. Aya ya kwanza itaje mambo yanayounda bei, na iyaweke kwa mpangilio ambao msomaji anaweza kuufanyia hesabu: mita zinazokadiriwa mara bei ya mita, jumlisha mabomba, pampu, upimaji na usafiri wa mtambo. Kisha jibu lile swali linalowatia watu hofu, la kama utalipa shimo likikosa maji. Kwa kawaida mita zilizochimbwa hulipwa hata hivyo, isipokuwa mkataba useme vingine, na ukurasa unaolisema hilo waziwazi huaminika kuliko unaolikwepa.

Bei halisi zinaweza kukaa ndani ya ukurasa. Ziweke mahali pamoja, kwenye jedwali moja, na juu yake tarehe ambayo zilihakikiwa. Namba zikitawanyika kwenye aya sita, siku ya kubadilisha utasahau mbili, na msomaji atakuta bei mbili za mita kwenye ukurasa uleule. Kuna mtego hapa ambao wengi hawaujui: maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo mara nyingi Google huyachukua kutoka ndani ya ukurasa. Kwa hiyo namba uliyoitoa kwenye kichwa inaweza kurudi kupitia mlango huo. Kama bei zako zinabadilika mara kwa mara, lifunike jedwali:

```html
<div data-nosnippet>
  <!-- jedwali la bei -->
</div>
```

Msomaji ataliona kama kawaida, ila maandishi yake hayatatumika kwenye maelezo mafupi. Kama bei zinabadilika mara moja kwa mwaka tu, sioni sababu ya kulifunika, kwani namba kwenye maelezo mafupi huwavuta watu.

Kichwa kikubwa cha ndani, ile `<h1>`, kisipingane na `<title>`. Si lazima vifanane neno kwa neno, lakini kama `<h1>` bado inasema "Ofa ya Mwaka" yenye bei ya zamani, hiyo ndiyo Google inaweza kuichukua ikaionyesha badala ya kazi yako nzuri. Anwani ya ukurasa nayo iwe `/gharama-kuchimba-kisima`, bila mwaka na bila namba, maana kubadilisha anwani baadaye ni usumbufu mkubwa kuliko kubadilisha kichwa.

Jambo moja litakusumbua hata ukifanya yote hayo: ukurasa mkuu wa huduma kugombania nafasi na ukurasa wa gharama. Utalitambua hivi. Kwenye Search Console bofya swali moja, tuseme "bei ya kuchimba kisima", kisha fungua kichupo cha kurasa. Ukiona anwani mbili zinagawana maonyesho, na ile ya huduma inapata mengi, basi Google haijaelewa nani ajibu. Mara nyingi sababu ni kwamba ukurasa wa huduma nao una "bei nafuu" kwenye kichwa chake. Itoe, uache huduma na aina za kazi tu, kisha kutoka kwenye ukurasa huo weka kiungo kinachosema "gharama za kuchimba kisima" kuelekea ule mwingine. "Bofya hapa" haisaidii mtu wala roboti.

Ukishabadilisha kichwa, usiguse kingine chochote kwa muda, la sivyo hutajua kilicholeta mabadiliko. Omba ukurasa ukaguliwe upya kupitia zana ya kukagua anwani, kisha tafuta lile swali wewe mwenyewe uone kichwa kinachoonyeshwa kweli. Baada ya hapo linganisha siku 28 kabla na 28 baada, kwa maswali yaleyale. Nafasi ya ukurasa kwenye matokeo ikibaki palepale na asilimia ya wanaobofya ikapanda, kichwa kimefanya kazi. Nafasi yenyewe ikisogea, huwezi kukisifu wala kukilaumu kichwa kwa idadi ya mibofyo pekee. Na kwa huduma inayofuata misimu, kama visima vinavyotafutwa zaidi ukame unapokaza, linganisha na siku zilezile za mwaka uliopita. Search Console hutunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo zipo.