Hedifoni zimeandikwa Paired lakini hazikonekti: futa ya zamani kwanza

"Wakuu, hedifoni zangu za blutuuthi kwenye simu zinafanya kazi fresh tu, ila kwenye laptopu ya Windows 11 zimeandikwa Paired, nikibonyeza Connect inazunguka weee halafu inakataa. Tatizo nini?"

Mkuu hii ilishanimalizia jioni nzima, nikajua hedifoni ndo zimekufa. Dogo wangu aliziazima, zikamzingua akazirizeti, kurudi kwangu laptopu haizitaki. Kumbe vikiunganishwa mara ya kwanza, laptopu na hedifoni vinakubaliana ufunguo wa siri na kila kimoja kinautunza kwake, sasa ukirizeti hedifoni ufunguo wa kwao unafutika ila laptopu bado imeshikilia ule wa zamani, inabisha hodi nao kila siku na mlango haufunguki. Ndo maana hata uzime na kuwasha mara ishirini ni bure.

Nilichofanya, niliingia Settings, Bluetooth & devices, nikagusa vidoti vitatu pembeni ya jina la hedifoni, Remove device. Halafu hapa ndo nilipokosea: nikaziwasha kawaida tu, simu ikazidaka kabla ya laptopu. Kwa hiyo zima blutuuthi ya simu kwanza, hedifoni zizime kabisa, kisha shikilia batani ya kuwashia bila kuachia mpaka taa ianze kupepesa harakaharaka (zangu zinachukua sekunde kama saba, nyingine zina batani yake maalumu). Taa ikiwaka tu bila kupepesa, bado hazijawa tayari kupokea kifaa kipya. Ndo unaenda Add device, Bluetooth, unasubiri jina litokee. Ukiona majina mawili yanayofanana na moja limeanza na `LE_`, chagua lile lisilo na hayo maherufi, mi niliwahi kuchagua hilo la LE likakonekti vizuri kabisa ila sauti hakuna.

Sasa kuna siku Remove device inagoma, inakuambia Remove failed. Hapo bonyeza kulia kwenye batani ya Start, fungua Device Manager, juu kwenye View weka tiki Show hidden devices, halafu fungua kipengele cha Bluetooth. Utakuta jina la hedifoni zako limefifia, bonyeza kulia, Uninstall device. Angalia usiifute adapta yenyewe ya laptopu, japo hata ukiteleza ukirestati huwa inarudi. Baada ya hapo fungua PowerShell kama admin uirestati huduma ya blutuuthi:

```
Restart-Service bthserv -Force
```

Kisha rudia kuunganisha upya kama nilivyosema juu.

Ila kama ukibonyeza Add device laptopu haioni kifaa chochote, hata simu ya jirani, hapo usihangaike na kufuta, mara nyingi tatizo ni draiva ya blutuuthi, kaichukue kwenye saiti ya waliotengeneza laptopu yako.