Usifunge saa nane! Nguzo fupi ni droo tupu, wateja wapo

*"Habari zenu wana jukwaa. Nina kioski cha M-Pesa hapa Malindi karibu na steji. Nataka grafu ya miamala kwa saa nijue lini wateja ni wengi na lini keshi huniishia. Nimehesabu miamala ya kila saa, naona saa nane mpaka saa kumi mchana ni kimya kabisa, nafikiria niwe nafunga saa hizo niende benki. Je, simu inatosha au ninunue kompyuta? Na Airtel Money niichanganye humo humo?"*

Ndugu yangu, usifunge. Weka hiyo kufuli chini usome kwanza, maana hicho unachotaka kufanya nimeshakifanya mimi, tena hapa hapa mjini, na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara amejengea rafu mpya kwa wateja wangu.

Hesabu yako imesajili miamala iliyofaulu tu. Mtu aliyekuja kutoa elfu tano akaambiwa "keshi hakuna" hayumo kwenye taarifa, hayumo daftarini, hayumo popote. Ameondoka na simu yake mkononi, na kwenye grafu yako saa hiyo inaonekana tulivu. Ni sawa na kusema kijijini hakuna wenye kiu kwa sababu ndoo haishuki kisimani, kumbe kisima kimekauka. Saa inayokuumiza zaidi ndiyo yenye nguzo fupi.

Mimi nilifundishwa kinyume chake, na nililipia. Kulikuwa na bwana mmoja alikuja na projekta na tai kwenye joto hili letu, akatufundisha wikendi nzima: nguzo ndefu ni saa ya kazi, nguzo fupi ni saa ya kupumzisha mfanyakazi. Nikamuuliza je, keshi ikiisha? Akanijibu "data haidanganyi". Sawa bwana, haidanganyi, lakini hata mfu hadanganyi. Cheti chake ninacho, kimeziba tundu la mjusi ukutani na hiyo kazi kinaifanya vizuri.

Basi nikachora nguzo zangu, rangi ya machungwa, nzuri kweli. Saa nane na saa tisa zimelala chini. Nikamwambia dada anayekaa dirishani awe anaenda saa hizo kunisaidia kwenye kibanda changu kingine kule Barani, na keshi iliyobaki aende nayo. Wateja wa alasiri, wa mahotelini na wa samaki, wakaja wakakuta dirisha limefungwa. Walikuwa wameshazoea kukosa hela, sasa wakazoea kutokuja. Madereva wa tuktuk hapo steji wakawa wanamwambia abiria kabla hajashuka, "hapo usiende, hapo hamna kitu". Hilo neno likishatoka kwa dereva wa tuktuk hulirudishi kwa bango wala kwa rangi mpya ya ukuta.

Aliyenifumbua macho ni yule dada. "Bosi, saa nane watu wanakuja kuliko asubuhi. Wanachungulia tu, wananiuliza kwa jicho, nikitikisa kichwa wanapita." Yeye hakwenda kozi.

Sasa nikuoneshe kwa hesabu. Hii ni Ijumaa moja ya kawaida, nimezungusha namba. Tulifungua saa mbili asubuhi na keshi 60,000 drooni. Saa mbili walitoa 22,000 na kuweka 5,000, ikabaki 43,000. Saa tatu walitoa 18,000, wakaweka 9,000, ikabaki 34,000. Saa nne wakatoa 20,000 wakaweka 6,000: 20,000. Saa tano wakatoa 17,000 wakaweka 8,000: 11,000. Saa sita, kabla hatujafunga kwenda msikitini, wakatoa 10,000 wakaweka 2,000: 3,000. Tukafungua tena saa nane na hizo elfu tatu. Saa nane nzima zikatoka 3,500 zikaingia 2,500, na saa tisa zikatoka 2,000 zikaingia 3,000. Saa kumi ndipo wenye maduka wakaanza kuleta mauzo yao, droo ikapumua.

Kwenye nguzo za idadi, saa nane na saa tisa ni "kimya". Kwenye mstari wa keshi iliyobaki, ni mtu ameshikwa koo. Siku ni hiyo hiyo.

Utajuaje sasa kwamba kimya chako ni cha droo tupu, si cha watu kwenda kulala? Tazama muamala mkubwa kuliko yote wa kutoa katika kila saa. Asubuhi yangu ulikuwa 10,000, kuna saa ulifika 15,000. Saa nane na saa tisa hakuna aliyetoa zaidi ya 1,000. Haiwezekani kila mwenye shida ya elfu kumi Malindi hii awe amelala mchana, waamke wenye shida ya mia tatu peke yao. Wateja wakipungua kweli, idadi hushuka lakini wakubwa na wadogo hupungua pamoja. Dari likishuka ghafla hivyo, droo ndiyo iliyofupisha nguzo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: usichore chochote kabla hujachora keshi iliyobaki drooni saa kwa saa. Idadi ya miamala ije baadaye, au isije kabisa, mimi sijali.

Na hapa ndipo wengi hupinduka. Taarifa ya wakala inajua floti yako, keshi haijui hata kidogo. Safu ya `Balance` ni floti. Safu ya `Paid In` ni floti iliyoingia, maana yake mteja ametoa pesa, yaani keshi imetoka drooni. `Withdrawn` ni floti iliyotoka, mteja ameweka, keshi imeingia. Ukisoma kwa haraka utachora mlima mahali penye shimo. Chuja kwanza kwa safu ya `Details` ubaki na miamala ya wateja tu. Floti uliyonunua au kuuza benki iandike kando, maana hiyo si shughuli ya mteja.

Halafu fungua Excel au Google Sheets, karatasi moja kwa siku moja. Muda ukiwa safu ya B, `Paid In` safu ya C, `Withdrawn` safu ya D, weka saa kwenye E. Kwenye jedwali la pembeni, saa ziko H kuanzia mstari wa 3, kwa saa za kwenye simu, 8 ikiwa saa mbili yetu, na K2 uandike keshi uliyoihesabu kwa mkono ulipofungua:

```
E2: =HOUR(B2)
I3: =SUMIFS(C:C,E:E,H3)
J3: =ABS(SUMIFS(D:D,E:E,H3))
K3: =K2-I3+J3
L3: =MAXIFS(C:C,E:E,H3)
```

I ni waliyotoa, J ni waliyoweka, K ni keshi iliyobaki, L ni ule muamala mkubwa. `ABS` nimeiweka kwa sababu kuna taarifa huandika `Withdrawn` ikiwa na alama ya kutoa mbele. Vuta chini, chora K kama mstari. Ukileta keshi toka benki, iongeze kwenye K ya saa hiyo. Ukichukua mia tano ya chakula, ipunguze, na usinitazame hivyo, sote tunachukua. Jioni hesabu droo: isipolingana na K ya mwisho, kuna hela imepita bila kuandikwa, na mstari wa siku hiyo usiutegemee.

Angalia pia saa yenyewe. `HOUR` itakupa 14, ambayo ni saa nane yetu. Daftari la dirishani limeandikwa kwa mkono "2:15", na hiyo ni 08:15 ya kwenye simu. Ukichanganya daftari na taarifa bila kurekebisha, asubuhi yako itahamia usiku wa manane na utajiuliza ni majini gani wanaotoa pesa saa hizo. Mimi chini ya grafu huandika saa za Kiswahili, kwa kuwa anayeisoma ni yule dada dirishani.

Wasiopata hela nao waandikwe. Kipande cha karatasi kibandikwe ndani ya dirisha, mistari ya saa, kila anayegeuzwa kijiti kimoja na kiasi alichotaka. Kwenye karatasi yetu ya Ijumaa ya kwanza, mraba wa saa nane ulijaa vijiti mpaka dada akaendelea pembeni, kwenye tangazo la nyumba ya kupanga. Hicho ndicho kimya ulichokiona.

Sasa lini uende benki. Si saa ya nguzo fupi, ukifika hapo umeshachelewa. Chukua keshi inayopungua katika muda wa safari yako nzima, foleni ikiwemo, ongeza muamala mmoja mkubwa wa kawaida. Safari yangu ya Ijumaa hula saa moja. Saa nne asubuhi droo hupungua 14,000, na mkubwa wa kawaida ni 10,000. Jumla 24,000. Kwa hiyo droo ikigusa 24,000 mtu anaondoka, na kwenye siku ile niliyokuonesha hiyo ni kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati grafu yako ya idadi ingekuambia "kaa hapo hapo, kazi imepamba moto". Kazi imepamba moto ndiyo, na wewe floti unayo tele, maana kila aliyetoa amekuachia floti. Igeuze keshi ungali na kitu cha kumpa mteja huku nyuma. Dirisha libaki na mtu. Kama uko peke yako, tafuta kijana wa bodaboda unayemjua kwao, au elewana na wakala mkubwa akuletee.

Usinichanganyie Ijumaa na Jumanne kwenye wastani mmoja, wala mwisho wa mwezi na katikati. Wastani wa siku mbaya na siku nzuri utakuonesha droo ambayo haijaisha hata siku moja, na wewe unajua imeisha.

Airtel Money umeuliza. Droo ni moja? Basi kutoa na kuweka kwake kuingie kwenye K ile ile. Floti zake kaa nazo mbali, kila mtandao na yake.

Lile jingine uliloniuliza limenitoka, nitapanda juu nisome. Kwa sasa bandika karatasi dirishani Ijumaa hii, ufungue saa nane, halafu lete hapa safu ya L tuitazame.