Kisanduku cheupe kwenye nembo: maswali yenu ya wiki hii

Nembo ya shule yetu niliipata ikiwa JPG. Nikiibandika kwenye bango la bluu inakuja na kisanduku cheupe. Nimebadilisha jina la faili liwe .png, kisanduku bado kipo. — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, jina la faili halibadilishi kilichomo ndani. Kwenye JPG kila pikseli lazima iwe na rangi. Hakuna mahali pa kuandika kwamba pikseli hii ni tupu. Kwa hiyo aliyehifadhi nembo yenu kama JPG alijaza nyeupe kila palipokuwa wazi. PNG ina uwezo wa kubeba namba ya ziada kwa kila pikseli, inaitwa alfa: 0 maana yake pikseli haionekani kabisa, 255 maana yake imeziba kabisa. Hata ukiihifadhi upya picha yako kama PNG kwa njia halali, ule weupe utahifadhiwa vilevile kama rangi, mpaka uukate mwenyewe.

Kabla hujakata, mtafute aliyeichora nembo umwombe faili ya SVG, au PDF aliyoitoa kwenye programu yake ya kuchorea. Mara nyingi bado anayo, na humo mandharinyuma meupe aghalabu hayapo. Akikosekana, tafuta nakala kubwa kuliko zote iliyopo shuleni. Nembo ya upana wa sentimita 5 ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji pikseli 590 hivi kwa upana. Ile ndogo ya pikseli 150 utaikata vizuri na bado itatoka na ngazi pembeni.

Kwenye Word nilitumia Set Transparent Color. Kisanduku kimeondoka, ila kuzunguka herufi kumebaki vidoti vyeupe, na kitabu cheupe kilicho katikati ya nembo kimetoboka. — Katibu wa kikundi, Tanga

Kifaa hicho kinaondoa rangi moja tu, ile uliyoibofya, na kinaiondoa popote kinapoikuta. Ndiyo maana kitabu kimekwenda pamoja na mandharinyuma: kwa Word, nyeupe ya nje na nyeupe ya ndani ni kitu kimoja.

Vidoti vinatokana na JPG. Ili faili iwe ndogo, JPG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukadiria rangi ndani ya kila kipande. Karibu na herufi makadirio hayo yanachafua weupe. Nyeupe safi ni 255 kwa nyekundu, kijani na bluu; pale utakuta 253, 249, hata 240. Jicho halioni tofauti, Word inaiona, na inaziacha. Hakuna kitelezi cha kuiambia ichukue na zinazokaribiana. Kama barua yako inachapwa kwenye karatasi nyeupe, usijisumbue, vidoti havitaonekana. Kwa bango au fulana ya rangi, itoe nembo Word uikatie kwingine.

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Nafuta weupe kwa Fuzzy Select na Delete, lakini nembo ikikaa juu ya bluu iliyokoza inazungukwa na ukingo mwembamba uliopauka. Nikipandisha Threshold ili ichukue na rangi zinazokaribiana na nyeupe, inaanza kula nembo yenyewe. — Kijana wa duka la steshenari, Mombasa

Hili ndilo swali ninalotaka tukae nalo, kwa sababu ukingo huo ndio unaotofautisha nembo iliyokatwa na nembo iliyonyofolewa.

Tazama mpaka wa nembo ukiwa umekuza hadi 400% au zaidi. Kama nembo ni ya kijani, kati ya kijani na nyeupe kuna mstari wa pikseli ambazo si kijani wala si nyeupe. Programu iliyochora nembo ilichanganya rangi hizo mbili ili mkunjo uonekane laini. Tuseme kijani chenu ni 0, 100, 0. Pikseli ya mpakani iliyo nusu kwa nusu itakuwa karibu na 128, 178, 128. Juu ya nyeupe inapendeza. Juu ya bluu iliyokoza inang'aa kama chaki. Ukiifuta, mpaka unakuwa na meno. Ukiiacha, unabaki na ukingo. Threshold haiwezi kukusaidia, kwa kuwa inajua kuchukua au kuacha tu. Unachohitaji ni kutoa nyeupe iliyomo ndani ya pikseli hiyo na kuiacha kijani yenye uwazi wa nusu.

Kazi hiyo hufanywa na Color to Alpha, ila usiipitishe kwenye nembo nzima, maana itatoa nyeupe hata ndani ya kijani chepesi na kukigeuza kioo. Ipitishe ukingoni tu, hivi:

Anza na Layer > Transparency > Add Alpha Channel. Chukua Fuzzy Select kwa kubonyeza U, weka Threshold 30 badala ya 15 inayokuja nayo, hakikisha Feather edges imezimwa, kisha bofya weupe wa nje. Fuzzy Select inafuata weupe uliogusana tu, kwa hiyo kitu cheupe cha katikati, kama kile kitabu cha Tanga, kinasalimika. Ukiona mistari inayotembea, ile inayoonyesha mpaka wa uteuzi, imeingia kwenye kitabu, mpaka umevuja mahali. Tendua na ushushe Threshold. Weupe ulionaswa ndani ya herufi kama A, O na D unaongeza kwa kushika Shift na kubofya kila tundu. Watu wengi huyasahau matundu haya, na hugundua bango likiwa limeshachapwa.

Sasa bonyeza Delete. Hapo zile 249 na 253 za mandharinyuma zinafutika kabisa, zisije zikabaki kama ukungu. Uteuzi ukiwa bado upo, nenda Select > Grow, andika 2, ili uteuzi uingie pikseli mbili ndani ya nembo. Kisha Colors > Color to Alpha, rangi ikiwa nyeupe. Kijani kamili hakitaguswa, kwa sababu nyekundu yake ni 0, hakuna nyeupe ya kutoa. Ila kama nembo imezungukwa na mstari wa kijivu chepesi, mstari huo utafifia. Hapo tumia Grow ya 1.

Usiamini mirabaraba ya kijivu inayoonyesha uwazi, inaficha makosa. Weka tabaka la bluu iliyokoza chini ya nembo, tazama, kisha libadilishe liwe waridi kali. Ukingo uliobaki utauona kwenye mojawapo. Ukiridhika, ondoa tabaka hilo na utoe faili kwa File > Export As, jina likiishia na .png. Ile Save ya kawaida inakupa XCF, faili ya GIMP yenyewe, ambayo mchapaji huenda asiweze kuifungua.

Nilikata vizuri, nikamtumia mchapaji kwa WhatsApp, akaniambia haina uwazi. — Mama wa duka, Dodoma

Dada, ukiituma kama picha, WhatsApp huigeuza kuwa JPG, na uwazi unajazwa rangi upya. Bofya alama ya kuambatisha, chagua Document, kisha itafute faili hapo. Mwombe akujulishe jina alilopokea; likiishia na .png, iko salama.

Je, sahihi ya mwenyekiti niliyoipiga picha kwenye karatasi nayo niikate hivyohivyo? — Katibu wa kikundi, Tanga

Hapana, hapa Color to Alpha ya GIMP inapita kwenye picha nzima, kwa sababu wino umechanganyika na karatasi kila mahali. Ila karatasi iliyopigwa picha huwa ya kijivu, kwa hiyo tangulia na Colors > Levels: vuta pembetatu nyeupe kwenda kushoto hadi karatasi iwe nyeupe tupu na wino ubaki mzito. Kona moja ikigoma kuwa nyeupe, kivuli cha mkono kiliingia. Piga picha upya karibu na dirisha badala ya kuvuta zaidi, maana Levels ikizidi inakula ncha nyembamba za mwandiko.