Bango la nje: benna, kitambaa au karatasi?

"Nina kibanda cha chipsi barabarani, jua kutwa nzima na upepo wa baharini. Nichapishe benna ya plastiki, kitambaa au karatasi?"

Salaam ndugu. Chukua benna. Karatasi iache kwa tangazo la siku mbili tatu, maana mvua moja tu inaimaliza. Kitambaa ni kizuri kwa sherehe, ila nje kinapigapiga mchana kutwa mpaka pindo linafumuka.

Kinachoua benna hasa ni ufungaji. Ya kwangu ya kwanza, mita 2 kwa 1, niliifunga kwa waya kwenye pembe nne tu. Kusi ilipoanza ikawa inajaa upepo kama tanga, na tundu la pembeni likachanika. Ya pili nilimwambia mchapaji akunje ukingo na aweke ringi kila nusu mita, kisha nikaibana kwenye fremu ya mbao hadi ikakaza. Usitoboe matundu katikati eti upepo upite, ndipo mpasuko unapoanzia.

Kuhusu jua, nyekundu na njano ndizo zinazotangulia kupauka. Chipsi zangu zilibaki za bluu, wateja wakacheka! Andika jina kwa nyeusi juu ya nyeupe, picha iwe ndogo.

Gharama huhesabiwa kwa mita ya mraba, hiyo yangu ni 2. Bei za vyakula usizichapishe humo. Ziandike kwenye kibao kidogo pembeni, mafuta yakipanda unabadilisha kibao tu.