Dalali anadai asilimia 5 ya nyumba ambayo mnunuzi aliletwa na shemeji

*Wakili, shikamoo. Mwezi Februari nilimwambia dalali mmoja aniuzie nyumba yangu ya Tabata kwa milioni 90. Hatukuandikiana. Alileta watu wawili, wote hawakurudi. Agosti nimeiuza kwa milioni 84 kwa mwalimu aliyeletwa na shemeji yangu. Sasa dalali anataka asilimia 5, anasema mwalimu alikuta bango lake ukutani. Nimlipe?*

Marahaba. Kwa maelezo yako, hana anachokudai, lakini hilo bango ulichunguze kwanza kabla ya kumjibu.

Dalali ni wakala wako. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wakala ambaye hamkuwekeana masharti maalumu hastahili malipo mpaka kazi aliyotumwa ikamilike. Kazi yake haikuwa kutangaza wala kutembeza watu. Ilikuwa kukuletea mnunuzi. Nauli, vocha na bango alivyogharamia ni hasara anayoibeba yeye kwa matumaini ya kamisheni, isipokuwa kama mlikubaliana utamrudishia.

Nyumba ikishauzwa, mahakama huuliza swali moja: juhudi za nani ndizo hasa zilizoleta mauzo haya? Haitoshi dalali kuwa aliwahi kuhusika. Mwaka 1903, katika shauri la Uingereza la Millar na Radford, wakala alimpatia mwenye nyumba mpangaji, akalipwa kamisheni yake. Miezi kama 15 baadaye mpangaji yuleyule akainunua nyumba, na wakala akarudi kudai kamisheni ya mauzo. Alishindwa, kwa sababu kumtambulisha mtu hakukuwa chanzo halisi cha yeye kununua. Mahakama za Afrika Mashariki nazo huutumia mtazamo huo katika madai ya udalali.

Sasa turudi kwenye bango. Kama mwalimu alipita mtaani, akaliona, akavutiwa, kisha akaenda kwa shemeji yako kuulizia, dalali ana hoja nzito: bango ndilo lililomleta, na shemeji alikuwa njia tu ya kukufikia. Lakini kama shemeji alimweleza kwanza, wakaja pamoja, na bango akalikuta ukutani siku hiyo, basi halikumleta. Kilichotangulia ndicho kinachoamua. Mwombe mwalimu aandike kwa mkono wake, atie sahihi na tarehe: alisikia lini habari za nyumba, kwa nani, na kama aliwahi kuongea na dalali kabla ya kulipa. Tafuta pia ujumbe wa kwanza wa shemeji kwake kwenye simu, maana tarehe yake haibishaniki kirahisi. Usimwelekeze mwalimu aandike unachotaka wewe. Akisimama mbele ya hakimu akaulizwa maswali, maneno ya kupachikwa huonekana.

Jambo la pili ni kile mlichokubaliana kwa mdomo. Kutoandikiana hakumaanishi hakuna mkataba. Pitia jumbe zenu zote za WhatsApp, ukitafuta kama uliwahi kumwahidi kwamba yeye peke yake ndiye atakayeuza, au kwamba atalipwa nyumba ikiuzwa na yeyote, hata na wewe mwenyewe. Ahadi ya namna hiyo ingebadilisha jibu langu, kwa sababu hapo malipo hayategemei tena nani alimleta mnunuzi. Kama ulimwambia tu "nitafutie mteja", ulibaki huru kutumia watu wengine na kuuza mwenyewe.

Nina neno moja gumu. Kama mwalimu ni mmoja wa wale wawili walioletwa mwanzoni, au ndugu aliyetumwa na mmoja wao, na shemeji ameingizwa katikati ili kumkwepa dalali, mlipe. Huyo ameifanya kazi yake, na kumzunguka hakufuti haki yake.

Ukishajiridhisha, mjibu kwa maandishi na kwa ufupi. Mfano:

*"Nimepokea dai lako la shilingi 4,200,000. Silikubali. Watu wawili uliowaleta hawakununua. Mnunuzi alipata habari za nyumba kwa shemeji yangu, na hakuwahi kuwasiliana nawe kabla ya mauzo. Kama una ushahidi kwamba wewe ndiye uliyemleta, nitumie."*

Weka tarehe, na ubaki na nakala yenye sahihi yake ya kupokea. Usiongeze matusi, na usimtumie hata laki moja ya "asante" kwa M-Pesa wakati dai lipo mezani. Wewe utaiita shukrani. Yeye ataionyesha kama malipo ya awali ya deni ulilolikiri. Vivyo hivyo usiandike "nivumilie, nitaangalia", kwani sentensi hiyo husomeka kama ahadi.

Akikushitaki, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba mwalimu alikuja kwa juhudi zake. Ila siku ya kesi usikae tu ukisubiri ashindwe: nenda na shemeji, maandishi ya mwalimu na mwalimu mwenyewe, kwa sababu karatasi peke yake haiwezi kuulizwa maswali.