Seti za kuzalishia zinatoka na unyevu lakini tepu imebadilika rangi

Swali: "Wakuu, niko mafunzo kwa vitendo kwenye zahanati huku Ukerewe. Seti za kuzalishia zinatoka kwenye otoklevu ya jiko la gesi zikiwa na unyevunyevu, ila tepu imebadilika rangi vizuri. Dada mmoja wa wodini anasema ziko sawa, mwingine anasema zirudiwe. Tunapika dakika 30 kwa pauni 15. Nimsikilize nani?"

Anayesema zirudiwe yuko sahihi, mdogo wangu. Tepu ya nje inakuambia jambo moja tu, kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Haijui kama mvuke umefika katikati, wala haijui kilichotokea baada ya kufungua mfuniko. Kitambaa kikavu kinazuia vimelea. Kikilowa, maji yanakuwa daraja: vimelea vya mezani au vya mikononi mwako vinafuata unyevu kutoka nje hadi kwenye mkasi. Kwa hiyo kifurushi kilicholowa kihesabu kuwa si safi hata kama ndani vyote vilikwisha kufa. Kifungue, toa vitambaa vilivyolowa, funga upya kwa vikavu vilivyofuliwa, weka tepu mpya, rudia mzunguko mzima. Kukianika juani au kukiweka karibu na jiko kikauke si dawa.

Sasa unyevu unatoka wapi? Mvuke ukigusa chuma baridi unageuka maji, hilo haliepukiki. Kazi yako ni kuyapa maji hayo njia ya kushuka, na kuupa mvuke njia ya kutoka mwishoni. Chukua seti ya kawaida: fosepsi mbili za kubania kitovu, mkasi wa kitovu, kidni dishi, gozi na shuka. Kidni dishi ikilazwa mdomo juu inakuwa bakuli la kukusanya maji, na gozi iliyo ndani yake inalowa chapa. Isimamishe kwa ubavu. Fosepsi na mkasi viache wazi, maana maungio yaliyobanwa hayapitishi mvuke. Ukichanganya vyuma na vitambaa kwenye mzigo mmoja, vyuma vikae chini na vitambaa juu, matone yasividondokee. Vifurushi vipange kwa kusimama, mkono uweze kupita katikati yake. Wengi wanashindilia seti zote za wiki kwa mara moja ili kuokoa gesi, halafu wanapika mara mbili. Na kama mnatumia dramu, matundu yake yawe wazi wakati wa kupika, myafunge baada ya kukauka.

Maji ya chini yasivuke kichanja. Yakizidi, yanachemka na kurukia vifurushi vya chini, na hivyo ndivyo utakavyovikuta vimelowa kila siku hata ufanyeje.

Mwishoni ndipo makosa mengi yanapofanyika. Muda ukiisha, zima moto, toa mvuke taratibu kwa valvu mpaka geji isome sifuri. Kisha fungua mfuniko kidogo tu, uuache umeegama, vifurushi vikae humohumo dakika 30 hivi. Joto la chuma ndilo linalokausha kitambaa. Ukivitoa moto na kuviweka juu ya meza ya chuma au sakafu ya saruji, mvuke uliobaki unageuka maji papo hapo upande wa chini. Weka kwenye kichanja cha waya au juu ya kitambaa kikavu mpaka vipoe kabisa, ndipo vipelekwe kabatini.

Hapo nimejibu unyevu. Lakini kuna jambo kwenye swali lako linanisumbua zaidi: hizo pauni 15.

Otoklevu haiui kwa presha, inaua kwa joto la mvuke, na lengo ni nyuzi 121 za Selsiasi. Pauni 15 kwa inchi ya mraba zinaleta nyuzi 121 ukiwa usawa wa bahari. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo Ukerewe, Mwanza na Sengerema hewa ni nyepesi kidogo. Ndiyo maana maji ya chai hapa yanachemka karibu nyuzi 96. Geji inapima tofauti kati ya ndani na nje, hivyo pauni 15 za hapa ni karibu nyuzi 119. Kufikia 121 unahitaji kama pauni 17. Soma kitabu cha mashine kwanza. Kama kinaruhusu pauni 17, pika hapo dakika 30 kwa vilivyofungwa. Kama valvu ya usalama inaanza kupuliza kabla, usiikaze wala kuiwekea uzito. Baki na pauni 15, ila uongeze muda: kwenye nyuzi 119 vimelea vinakufa polepole zaidi, na kwa hesabu dakika 30 zinakuwa karibu 50. Kubaliana na msimamizi wako muda mpya, uandikwe ukutani.

Hewa iliyobaki ndani nayo inadanganya geji. Hewa yote ikibaki, geji inaweza kuonyesha pauni 15 huku joto likiwa nyuzi 100 tu. Nusu ikibaki, ni kama 112. Kwa hiyo acha valvu wazi mpaka mvuke utoke kwa mkondo mmoja usiokatika, ngoja dakika 5 hadi 7, ndipo ufunge. Kama yenu ina mrija unaoning'inia kutoka kwenye mfuniko, hakikisha umeingia kwenye mfereji wake pembeni ya chombo cha ndani. Hewa ni nzito kuliko mvuke, inakaa chini, na mrija huo ndio unaoitoa. Ukikatika, hewa inabaki. Saa inaanza kuhesabiwa presha ikishafika, si jiko likiwashwa. Presha ikishuka katikati, anza upya. Ili kujua kama mvuke umefika ndani, weka kipande cha kiashiria katikati ya kifurushi ambacho mvuke unakipenya kwa shida kuliko vyote.

Haya yote hayana maana kama mkasi uliingia na damu kwenye maungio, kwa sababu damu iliyokauka inafunika vimelea mvuke usivifikie. Vaa glovu nene, aproni na miwani. Sugua kwa mswaki ukiwa umezamisha kifaa ndani ya maji ya sabuni, damu isikurukie, hasa kwenye meno na maungio, kisha suuza na ukaushe. Kama utaratibu wenu bado unaanza na klorini ya asilimia 0.5, Jiki ya asilimia 3.5 ni kipimo kimoja kwa maji sita, dakika 10 basi. Kuloweka usiku kucha ndiko kunakotoboa fosepsi kwa kutu. Kipimo cha klorini hakisafishi kifaa. Kusugua kunabaki palepale.

Na mama akifika na uchungu huku seti zote zimelowa? Pika vyombo vilivyosafishwa bila kuvifunga, vikiwa wazi kwenye trei yenye matundu: dakika 20 kwa nyuzi 121. Vitoe kwa fosepsi safi iliyopikwa pamoja navyo, uvitumie hapohapo. Vikibaki havirudi kabatini, maana havina kitambaa cha kuvilinda.